Siku Ambazo Hutakuja Kazini, Ziandike

"Husika na kichwa cha habari hapo juu." Barua nyingi za kuomba kazi huanza hivyo, kama tulivyofundishwa shuleni, na si neno. Balaa lipo aya ya pili: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, na niko tayari kufanya kazi wakati wowote." Mwenye duka akishajua kwamba mwombaji ni mwanafunzi, hapo hapo anaacha kuamini. Mwanafunzi ana vipindi; huo wakati wowote ataupata wapi?

Tuseme ni mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Mlimani, Dar es Salaam, anayeomba kibarua cha jioni kwenye steshenari ya Mwenge: kutoa kopi, kuprinti, kubaindi. Hajawahi kuajiriwa. Kabla hajaandika lolote, aitandaze ratiba yake mezani na kuhesabu pia foleni ya barabarani. Kipindi kikiisha saa tisa, asiahidi saa tisa na nusu. Aandike: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naweza kuingia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Jumamosi nipo tangu asubuhi. Jumanne na Alhamisi nina vipindi mpaka jioni, sitaweza. Ukitaka kunibadilishia zamu katika siku nilizotaja, nijulishe jana yake."

Lile "sitaweza" ndilo linaloyapa uzito yaliyotangulia.

Kuna mtego mmoja ambao wengi huuruka. Steshenari za jirani na chuo hufurika watu majuma ya kukaribia mitihani, wakati ule ule ambao mfanyakazi mwanafunzi anataka kutoweka. Mwenye duka analijua hilo. Pengine alishaachwa solemba na kijana wa kabla yako. Basi litaje mwenyewe: andika tarehe za mitihani, kisha useme utakachoweza, kwa mfano saa mbili tu kila jioni katika juma la kabla ya mitihani, na kwamba mitihani ikianza hutakuja kabisa.

Na uzoefu? Usiandike "sina uzoefu", wala usijitungie kampuni. Kama wewe ni kiongozi wa darasa uliyechangisha fedha za kopi kwa wenzako sitini, sema ulikusanya kiasi gani, na kwamba orodha ya waliolipa ililingana na fedha mkononi. Kama likizo ulikuwa ukifungua genge la mama saa kumi na mbili asubuhi, hiyo ni kazi, na saa yake ndiyo habari. Kisha weka namba ya mtu aliyekuona ukifanya hayo, baada ya kumwomba ruhusa. Simu ya jirani aliyenunua nyanya pale kila asubuhi inaweza kufaa kuliko ya mjomba mwenye cheo.

Ukurasa mmoja unatosha. Ipeleke mwenyewe, ila usiende jioni wakati foleni ya kopi imefika mlangoni.