Mpeleke beki wa kati mlingoti wa karibu

Ukicheza Football Manager hugusi mpira hata mara moja. Wewe ni kocha: unapanga, kisha unatazama vijana wakitekeleza ulichowaagiza. Wengi huhangaika na mfumo na kusajili winga wa bei mbaya, lakini ukurasa wa Set Pieces huuacha kama walivyoukuta. Hapo wanapoteza mabao ambayo yangeweza kuamua mechi ngumu. Nazungumzia toleo la 2023 na yale yaliyolitangulia kwa karibu. La 2024 lilikuja na ukurasa mpya wa mipira iliyokufa.

Anza kwa kutafuta kichwa chako kikali kiko wapi. Usitazame urefu wa mchezaji kwa sentimita, tazama Jumping Reach, namba inayoonyesha kichwa chake kinafika juu kiasi gani anaporuka. Sifa hupimwa kuanzia 1 hadi 20. Beki wa kati mwenye 17 hapo, na Heading isiyo mbaya, ni silaha hata kama kwa miguu ni mzito. Mpigaji naye achaguliwe kwa namba yake ya Corners, si kwa jina lake.

Tuchukue timu inayocheza 4-2-3-1, na kona inatoka kushoto. Winga wa kushoto anayetumia mguu wa kulia ndiye anapiga, ili mpira ujikunje kuelekea golini. Mpira unaelekezwa mlingoti wa karibu. Beki yule wa 17 anapewa Attack Near Post, mwenzake Attack Far Post. Mshambuliaji anapewa Challenge Goalkeeper, asimame mbele ya kipa na kumzibia njia. Winga wa kulia anavizia mlingoti wa mbali, kwa sababu mpira ukiguswa kidogo tu pale karibu, mara nyingi unaishia huko. Kiungo mshambuliaji na kiungo mmoja wa chini wanangoja nje ya boksi mpira uliookolewa nusunusu. Kiungo aliyebaki na mabeki wawili wa pembeni wanalinda nyuma.

Kwa nini karibu? Mpira unasafiri umbali mfupi, kwa hiyo kipa anapata muda kidogo wa kutoka, na akitoka anakutana na mshambuliaji wako. Mchezaji naye anaingia akikimbia, wakati anayemkaba ameganda.

Sasa yanapoharibika. Kazi hizi zimefungwa kwenye nafasi uwanjani, wakati wapigaji wamepangwa kwa majina. Ukimtoa beki wa 17 dakika ya 60 ukamwingiza mfupi, mfupi huyo ndiye atakayekimbilia mlingoti wa karibu. Vilevile, winga wako akitoka, anapiga wa pili kwenye orodha. Kama huyo wa pili ni mtu uliyemtegemea ndani ya boksi, umejipunguzia mtu mahali ulipomhitaji. Kila badiliko la wachezaji lifuatwe na kupitia ukurasa huu tena.

Usihukumu mpango kwa mechi moja. Hata kwenye soka la kweli kona nyingi mno haziishii wavuni. Tazama marudio, ujiulize nani amegusa mpira wa kwanza. Akiwa ni beki wao wa mbele kila mara, mpigaji wako hana mguu wa kazi hiyo. Kipa akidaka bila bughudha, aliyetumwa kumzuia ni mnyonge; weka mwenye nguvu zaidi. Na ukifungwa kwa kaunta baada ya kona yako, rudisha nyuma mmoja wa wale wanaongoja nje ya boksi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuunakili mpango huu kwenye frikiki za pembeni. Kona haina kuotea mpira unapotoka mguuni kwa mpigaji, frikiki inayo. Yule uliyemsimamisha puani kwa kipa, kwenye frikiki anaweza kuwa ameotea kabla mpira haujafika. Hapo watu wako waanze sambamba na ukuta wa mabeki, kisha waukimbilie mpira. Lenga mlingoti wa mbali: krosi ya kutoka pembeni inawapita mabeki wanaorudi huku wakitazama goli lao, na beki wako mrefu anaikuta akiwa na nafasi ya kuruka.

Frikiki ya karibu na boksi, mbele ya goli, ni habari nyingine. Pale Free Kick Taking ndiyo yenye uzito, na mguu wa mpigaji ulingane na upande: wa kushoto kwa mpira uliowekwa kulia, wa kulia kwa uliowekwa kushoto, ili uuzunguke ukuta na kurudi ndani. Orodha ya wapigaji wa kulia na ya kushoto zimetenganishwa kwenye skrini, basi zijaze zote mbili, na usiweke jina lilelile juu ya kila moja.