Jedwali Moja, Njia Mbili

Chukua jedwali la namba lenye safu mlalo 4096 na safu wima 4096, kisha jumlisha namba zote zilizomo. Unaweza kuanza na safu mlalo ya juu, ukaisoma kutoka kushoto hadi kulia, halafu ukashuka kwenye ya pili. Unaweza pia kuanza na safu wima ya kwanza, ukateremka nayo hadi chini, halafu ukahamia ya pili. Namba zitakazojumlishwa ni zilezile 16,777,216 na jibu ni lilelile. Lakini ukiiachia kompyuta mpakato ya kawaida kazi hii, njia ya pili huchukua muda mara tano, mara kumi, wakati mwingine hata zaidi ya hapo kuliko ya kwanza.

Wanaoandika programu kwa lugha ya C hukutana na jambo hili mapema, na wengi huishia kukariri kwamba ufuate mlalo, usifuate wima. Ushauri huo si mbaya, ila unaficha mambo mawili ya maana zaidi: pengo hilo linatoka wapi hasa, na utalipimaje bila kujidanganya. Hilo la pili ndilo linalowashinda watu wengi.

Kwenye skrini jedwali lina urefu na upana. Kumbukumbu ya kompyuta haina. Ni mfululizo mmoja mrefu wa baiti, kila moja na anwani yake. C hulipanga jedwali humo kwa kuandika safu mlalo ya kwanza yote, ikifuatiwa papo hapo na ya pili, na kuendelea. Namba ya aina ya `double` huchukua baiti 8, kwa hiyo safu mlalo moja ya namba 4096 inakula baiti 32,768. Namba iliyo kulia kwa jirani yake iko baiti 8 mbele. Namba iliyo chini yake, ambayo kwa macho ni jirani vilevile, iko baiti 32,768 mbele.

Umbali huo usingekuwa na neno kama prosesa ingekuwa inaichota namba moja moja moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu kuu. Haifanyi hivyo, maana kumbukumbu kuu iko mbali na ni ya polepole: kusubiri jibu lake huchukua karibu nanosekunde 80 hadi 100, muda ambao prosesa ingeweza kufanya mamia ya hesabu. Dawa yake ni ya zamani. Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika mwaka 1965 kuhusu kuweka kumbukumbu ndogo ya haraka mbele ya ile kubwa ya polepole, na IBM ikaiweka kwenye kompyuta yake ya System/360 Model 85, iliyotangazwa 1968. Leo kila prosesa ya mezani ina kumbukumbu za namna hiyo, ziitwazo kache, zilizopangwa kwa ngazi. Kache ya kwanza kwa kawaida ina kilobaiti 32 au 48 na hujibu kwa takriban nanosekunde moja. Ya pili ni kubwa zaidi na ya polepole kidogo, na ya tatu vivyo hivyo.

Sasa, kache haipokei baiti moja moja. Prosesa za Intel na AMD huvuta data kwa mafungu ya baiti 64. Ukiomba namba moja ya baiti 8, unaletewa nane. Ukifuata mlalo, hizo saba za ziada ndizo unazozitaka dakika hiyohiyo. Ukifuata wima, unakuwa kama mtu aliyenunua fungu la nyanya nane sokoni, akatumia moja, akaacha saba zioze, kisha akarudi kununua fungu jingine kwa sababu anahitaji nyanya.

Jedwali letu lina megabaiti 128, halienei kwenye kache ya kwanza wala ya pili. Kwa mlalo, kulisoma lote kunahitaji mafungu 2,097,152. Kwa wima, ikiwa kila fungu hutupwa kabla ya jirani zake kutumiwa, yanahitajika mafungu 16,777,216, yaani gigabaiti nzima ikivutwa ili kusoma megabaiti 128.

Hata hivyo hesabu hiyo inatoa mara nane tu, na ina swali ndani yake. Safu wima moja inagusa mafungu 4096, ambayo kwa ukubwa ni kilobaiti 256. Kache ya pili ya prosesa nyingi inaweza kubeba kiasi hicho. Kwa nini basi mafungu hayo hayabaki humo yakisubiri safu wima ya pili, ambayo namba zake zimo humohumo?

Jibu liko kwenye ile 4096. Kache haiweki fungu popote inapotaka. Kache ya kwanza ya kilobaiti 32 imegawanywa mara nyingi katika vyumba 64, kila chumba kina nafasi nane, na anwani ya fungu ndiyo inayoamua chumba. Ukiruka baiti 32,768 kila hatua, namba ambayo inagawanyika sawasawa kwa 4096, unarudi kwenye chumba kilekile kila mara. Mafungu 4096 yanagombania nafasi nane, huku vyumba 63 vikiwa havina kazi. Kache ya pili hubanwa kwa namna hiyo hiyo, japo si kwa ukali uleule.

Kuna mzigo mwingine juu ya huo. Mfumo wa uendeshaji huigawa kumbukumbu katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4096, na prosesa ina daftari dogo la kukumbuka ukurasa upi uko wapi. Daftari la kwanza lina nafasi chache tu, mara nyingi 64 hivi, na la pili lina elfu moja na kitu au elfu mbili na kitu. Kila hatua ya kuteremka safu wima inaruka kurasa nane, hivyo safu wima moja inagusa kurasa 4096 tofauti, na daftari linazidiwa. Tena kile kifaa ndani ya prosesa kinachobashiri data itakayotakiwa na kuivuta mapema kwa kawaida hakivuki mpaka wa ukurasa. Kwa mlalo kinafanya kazi vizuri sana. Kwa wima hakina cha kukisia.

Kwenye kupima, programu yenyewe ni fupi:

```c
#define N 4096
static double a[N][N];

double kwa_mlalo(void) {
    double jumla = 0;
    for (int i = 0; i < N; i++)
        for (int j = 0; j < N; j++)
            jumla += a[i][j];
    return jumla;
}
```

Ya wima ni hiyohiyo, ila kitanzi cha `j` kinakuwa nje na cha `i` kinakuwa ndani. Soma saa kwa `clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, ...)` kabla na baada ya kila mojawapo, kisha toa.

Mtego wa kwanza ni jedwali ambalo halijajazwa. Kwenye Linux, kumbukumbu ambayo programu haijaiandika bado haijatengewa nafasi halisi. Ukiisoma tu, kurasa zote za jedwali huelekezwa kwenye ukurasa mmoja wa sifuri, na ukurasa huo mmoja unaenea kabisa kwenye kache ya kwanza. Utakuwa unadhani unasoma megabaiti 128 huku unasoma baiti 4096 tena na tena, na muda utakaoupata hauhusiani na unachokitafuta. Kwa hiyo jaza kwanza jedwali lote, na saa ianze baada ya hapo. Mimi napenda kulijaza 1.0 kila mahali, kwa sababu jumla ya njia zote mbili lazima iwe 16777216 kamili, nayo ni kipimo cha haraka kwamba hujakosea mipaka ya vitanzi.

Mtego wa pili ni kompaila. Ukiiomba iharakishe programu kwa `-O2`, nayo ikaona jumla haitumiki popote, inaweza kufuta kitanzi chote, na utapata muda wa karibu sifuri ukafurahi bure. Chapisha jumla kwenye skrini. Na ukitumia namba nzima badala ya `double`, GCC kwa `-O3` inaruhusiwa kubadilisha vitanzi vyenyewe, cha ndani kikawa nje, na pengo likayeyuka bila wewe kujua. Kwa `double` haiwezi kufanya hivyo kwa kawaida, maana kupanga upya ujumlishaji wa namba za desimali kunaweza kubadilisha tarakimu za mwisho za jibu.

Rudia kila kipimo mara kadhaa, tupa cha kwanza, na shika muda mdogo kabisa. Programu nyingine zinazoendeshwa pembeni zinaweza kuongeza muda. Hakuna inayoweza kuupunguza.

Ukiwa na saa pekee unajua pengo lipo, hujui kama ni la kache. Linux ina zana ya kuuliza vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa:

```
perf stat -e L1-dcache-loads,L1-dcache-load-misses ./wima
```

Tenganisha njia mbili katika programu mbili, na kila moja izunguke jedwali mara ishirini hivi ili kazi ya kujaza isichafue hesabu. Kwa mlalo, idadi ya kukosa data kwenye kache ya kwanza itakuwa karibu moja kwa kila nane, ambayo ndiyo namba ya kwanza ya kila fungu. Kwa wima itakaribia moja kwa moja.

Halafu fanya majaribio mawili yanayothibitisha maelezo haya. La kwanza, punguza `N` iwe 50. Jedwali sasa lina baiti 20,000, linaenea lote kwenye kache ya kwanza, na ukilizungukia maelfu ya mara pengo linakaribia kutoweka. Hapo ndipo ule ushauri wa kukariri unapokosa maana.

La pili nalipenda zaidi. Rudisha 4096, lakini tangaza jedwali kama `a[4096][4104]`, uache safu wima nane za mwisho bila kuzigusa. Umelifanya jedwali kuwa kubwa zaidi, na njia ya wima inakwenda kasi zaidi. Kila hatua sasa ni baiti 32,832, sawa na mafungu 513, kwa hiyo kila safu mlalo inaangukia chumba kinachofuata badala ya kilekile. Kache ya pili inaweza kuyashika yale mafungu 4096 mpaka safu wima nane zimalizike. Pengo linapungua bila kuisha, kwa sababu kurasa bado ni 4096 na daftari la anwani bado linazidiwa.

Anayehamisha programu ya aina hii kwenda Fortran avigeuze vitanzi. Fortran, tangu 1957, hupanga safu wima kwanza, na R, MATLAB na Julia zimeifuata. Huko njia ya mlalo ndiyo inayochelewa.