Unataka kuifuta podikasti yako? Mlisho ndio ufe mwisho

Kuanzisha podikasti ni rahisi kuliko kuizika. Unahitaji simu, maikrofoni ya kuazima na beshte mmoja mwenye mdomo, na kufikia jioni mko hewani. Shida huja miaka mitatu baadaye. Beshte amepata kazi ya ofisi na hataki bosi wake asikie kipindi cha saba. Mgeni mliyemhoji kuhusu ndoa yake amerudi akiomba sauti yake itolewe. Ama wewe mwenyewe umesonga mbele na hutaki tena jina lako likitafutwa mtandaoni lilete zile stori.

Basi unaingia kwenye akaunti, unabonyeza kitufe cha kufuta, unakubali, unalala. Wiki inayofuata mtu anakutumia skrinshoti. Shoo bado iko kwenye apu yake, na jina lako na ile picha ya mwaka 2021 ziko palepale.

Mbona? Kwa sababu umefuta kitu kimoja, na podikasti huishi mahali patatu.

Pa kwanza ni kampuni inayohifadhi sauti zako. Hapo ndipo ulipofungua akaunti na kupandisha vipindi. Pa pili ni mlisho, ile RSS. Mlisho ni faili la maandishi tu lenye anwani yake mtandaoni. Ndani yake mna jina la shoo, picha, maelezo, na linki ya kila kipindi. Pa tatu ni orodha za podikasti, yaani Apple Podcasts, Spotify na wenzao. Sauti zikiwa kwa kampuni nyingine, orodha kwa kawaida hushika anwani ya mlisho tu, inaenda kuusoma kila baada ya muda, halafu inaonyesha watu ilichokikuta.

Sasa fikiria orodha kama mgeni anayepiga hodi kwenye ploti. Keateka akifungua geti na kusema, "Huyo alihama, usirudi," mgeni anafuta namba yako na mambo yanaisha. Lakini kama hakuna anayefungua, mgeni hajui kama umehama ama umeenda dukani. Atarudi kesho, na kesho kutwa, na wakati huo wote namba yako iko kwenye simu yake. Mlisho ndio keateka wako. Ukifuta shoo kwanza, umemfukuza keateka kabla hajatoa ujumbe. Orodha inapiga hodi, inajibiwa kwamba ukurasa haupo, na kwa sababu seva za watu huzima na kuwaka kila siku, inaweza kuendelea kuonyesha picha ya mwisho iliyokuwa nayo. Ikiamua kuiondoa, itaiondoa kwa muda wake, si wako.

Kwa hivyo mpangilio ni kinyume na vile wengi hufanya. Anza na vipindi, fuata orodha, malizia na mlisho.

Tuchukue mfano. Shoo yako ina vipindi 34, na uliiweka kwenye Spotify for Creators, ile iliyokuwa ikiitwa Anchor kabla ya Spotify kubadilisha jina. Anwani ya mlisho wake inaanza na `https://anchor.fm/s/`. Shoo inaonekana kwenye Spotify, kwenye Apple Podcasts, na kwenye apu ndogondogo ambazo hukumbuki kama uliwahi kuzipelekea. Kipindi cha 12 ndicho chenye yule mgeni anayetaka sauti yake itoke.

Siku ya kwanza usifute shoo. Nakili anwani ya mlisho uiweke mahali salama, kwa sababu ndiyo kitambulisho cha shoo kila mahali, na shoo ikishafutwa huwezi kuiona tena kwenye akaunti. Pakua sauti zote 34 kwenye kompyuta hata kama leo hutaki kuzisikia. Kufuta hakuna kurudi nyuma.

Kisha angalia imeli. Milisho mingi hubeba imeli ya mwenye shoo, na orodha zikitaka kuhakikisha wewe ndiwe mwenyewe, nambari ya siri hutumwa hapo. Kama mlitumia imeli ya shoo ambayo paswadi yake anaijua beshte aliyehamia Qatar, mtafute sasa. Usiifunge imeli hiyo mpaka kila kitu kiishe.

Siku hiyohiyo futa kipindi cha 12. Mlisho bado uko hai, kwa hivyo keateka anaweza kusema wazi kwamba kipindi hicho hakipo tena. Ipe siku moja au mbili, kisha tafuta shoo yako kwenye Apple Podcasts kwa simu ya mtu mwingine. Utaona vipindi 33. Hapa hakikisha mgeni wako amejibiwa kwa heshima. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba data yake irekebishwe au ifutwe, na sauti ya mtu anayetaja jina lake na mambo ya nyumba yake si kitu cha kuchezea. Kumwambia "tuko kwa mchakato" huku kipindi kikiendelea kusikika si jibu.

Baada ya hapo nenda kwa orodha, moja baada ya nyingine. Kwa Apple, mlango ni Apple Podcasts Connect, na unaingia kwa akaunti ya Apple iliyotumika kuipeleka shoo. Ukiiona shoo humo, iondoe kutoka humo na ungoje mpaka ipotee kwenye utafutaji. Lakini zamani Anchor ilikuwa ikiwapelekea watu shoo zao Apple kwa niaba yao. Kama yako ilienda hivyo, ukiingia kwenye Apple Podcasts Connect utakuta pako tupu, ingawa shoo inaonekana kwa wasikilizaji. Itabidi uombe umiliki kwanza, na umiliki huthibitishwa vizuri mlisho ukiwa bado unafanya kazi. Ukiwa umeshafuta shoo, utabaki ukiandikiana na watoa huduma ukieleza kwamba wewe ni wewe.

Kuna njia nyingine ya kuiambia Apple, na hii hupita ndani ya mlisho wenyewe. Kampuni nyingi za kulipia zina kisanduku cha kuficha shoo kwenye orodha. Ukikitia alama, mstari huu huingia kwenye mlisho:

```xml
<itunes:block>Yes</itunes:block>
```

Maana yake ni moja tu: usionyeshe shoo hii. Apple ikisoma mstari huo, shoo hutoka. Hayo ndiyo yale maneno ya keateka getini. Kumbuka kwamba mstari hausomeki kama mlisho umekufa.

Zile apu ndogo nyingi hazina orodha zao. Huchota kutoka Podcast Index, orodha ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2020 na Adam Curry na Dave Jones. Shoo yako inaweza kuwa humo bila wewe kuipeleka. Waandikie, wape ile anwani ya mlisho uliyoinakili, waambie wewe ni mwenyewe na unataka itolewe. Na kama uliwahi kuunganisha mlisho wako na YouTube, vipindi vile viligeuka video za chaneli yako. Zifute hukohuko kwenye chaneli.

Orodha zikishanyamaza, ndipo unarudi kwenye Spotify for Creators na kufuta shoo. Ngoja kidogo, kisha bandika anwani ya mlisho kwenye kivinjari. Kama unaona maandishi marefu yenye majina ya vipindi, mlisho bado uko hai. Ukitaka jibu lisilo na shaka na uko kwenye kompyuta, tumia amri hii, ukiweka anwani yako kamili badala ya hii ya mfano:

```
curl -I https://mfano.co.ke/mlisho.xml
```

Soma mstari wa kwanza wa jibu. 200 ni kwamba mlisho upo. 404 ni kwamba haupatikani. 410 ni kwamba uliondolewa kabisa, na hilo ndilo jibu zuri kuliko yote, ingawa si kila kampuni hulitoa. Ukiona 301, mlisho unawaelekeza watu kwenye anwani nyingine. Hiyo hutumika mtu anapohama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na wafuasi wake humfuata bila kujua. Kama unahama, usifute chochote. Weka huo uelekezaji na uuache angalau wiki nne, kama Apple inavyoshauri. Kama unazika shoo, hakikisha haupo.

Wengine huchagua njia ya mkato, wanaacha tu kulipa. Hiyo si kufuta. Kampuni inaweza kuzima mlisho siku isiyojulikana, sauti zako zikabaki kwenye akaunti, na wewe ukiwa huwezi kuingia bila kulipa deni. Unapata ile hali mbaya kabisa ya geti lililofungwa bila ujumbe.

Na kama mlisho ulikuwa kwenye jina la tovuti yako mwenyewe, usiliachilie jina hilo haraka. Simu za wafuasi zinaendelea kupiga hodi kwenye anwani ileile. Jina likiisha muda na mtu mwingine akalinunua, anaweza kuweka mlisho wake pale pale, na vipindi vyake vitaingia kwenye simu za watu waliokuamini wewe. Lipia mwaka mmoja zaidi, ukiwa umeliacha tupu.

Mwisho kuna vitu ambavyo kitufe chako hakifiki. Kipindi kilichopakuliwa kwenye simu ya mtu ni chake mpaka akifute. Apu kama AntennaPod husoma mlisho moja kwa moja bila kupitia orodha, kwa hivyo msikilizaji anaweza kuendelea kuona majina ya vipindi huku akipata ujumbe wa hitilafu. Vipande vilivyokatwa na kurushwa TikTok au kwenye makundi ya WhatsApp huwezi kuvirudisha kwa kufuta shoo. Hivyo unaviripoti kimoja kimoja pale vilipo. Mwambie yule mgeni ukweli huo mapema, kabla hajauona mwenyewe.

Baada ya mwezi, chukua simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yako, utafute jina la shoo na jina lako kwenye kila apu. Pale utakapoipata, andika jina la apu hiyo na uwatumie anwani ya mlisho. Ndiyo maana uliinakili siku ya kwanza.