Umeitwa mahojiano ya kazi mji mwingine: nani analipa safari na hoteli?

Ujumbe unaingia kwenye simu siku ya alhamisi mangaribi: ombi lako la kazi limekubaliwa, uwe Bukavu siku ya pili ya juma ijayo, saa mbili ya asubui, kwa mtihani wa kuandika na mahojiano. Hakuna neno juu ya bato, hoteli wala chakula. Kijana wengi wa Goma wanajibu tu « asante, nitafika », kisha wanaanza kukopa pesa. Wanaogopa kuuliza, wakisema mwajiri ataona wako na tamaa.

Lakini swali hilo ni la kawaida kwa mwajiri yeyote anayeajiri watu wa miji mbalimbali. Na hapa kwetu lina uzito wake, juu sheria haijibu kwa nafasi yako.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema mwajiri analipa safari ya mfanyakazi aliyemuajiri mbali na mahali pa kazi, pamoja na bibi au bwana yake na watoto wake. Lakini mtu anayeitwa kwa mahojiano hajakuwa mfanyakazi. Hajaweka sahihi kwenye mkataba wowote. Kuna inchi zingine, kama Ujerumani, ambako mwajiri aliyemuita mtu kwa mahojiano ndiye analipa safari, isipokuwa kama amesema mbele kwamba hatalipa. Hapa kwetu, kinachobaki ni mapatano kati ya watu wawili, na mapatano yasiyoandikwa ni vigumu kuyadai.

Fanya hesabu mbele ya kuuliza

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa Goma aliyesoma uhasibu, ambaye amepata ujumbe ule wa Bukavu. Bei hizi ni za mfano tu; za kweli zinaulizwa kwenye bandari siku ile. Bato kwenda na kurudi, dola 40. Hoteli ya kawaida dola 25 kwa usiku. Moto kutoka bandarini mpaka hoteli na mpaka ofisi, dola 10. Chakula, dola 20.

Mtihani unaanza saa mbili ya asubui, kwa hiyo hawezi kutoka Goma siku ile ile. Atalala usiku wa kwanza. Mara nyingi mtihani wa kuandika unasahihishwa mangaribi, na waliopita wanaitwa mahojiano kesho yake. Huo ni usiku wa pili. Jumla ni dola 120. Kama mahojiano yanasukumwa siku moja tena, ni usiku wa tatu ambao hakuupanga.

Kwa safari ya Kinshasa hesabu inakuwa ngumu zaidi. Tangu AFC/M23 ichukue Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, ndege za abiria zilisimama kwenye uwanja wa Goma, na msafiri alilazimika kupitia inchi za jirani. Hapo inaingia paspoti, na pengine viza na usiku wa njiani. Mwajiri aliyekaa Kinshasa anaweza kufikiri ni ndege moja tu ya masaa machache. Kumuandikia njia yenyewe, hatua kwa hatua, kunamsaidia kuelewa juu ya nini unauliza.

Namna ya kuuliza

Wakati mzuri ni kisha kuitwa, mbele ya kuhakikisha kwamba utafika. Anayeulizwa ni yule aliyetuma mwaliko, kwa kawaida mtu wa ofisi ya wafanyakazi. Wale watakaokuhoji mara nyingi hawashike makuta ya safari, na kuwauliza siku ya mahojiano ni kuchelewa.

Ujumbe uwe mfupi, na uanze na kukubali. Dada wetu anaweza kuandika hivi, kwa Kifaransa kama mwajiri aliandika kwa Kifaransa:

« Bwana, ninashukuru kwa mwaliko na niko tayari kwa tarehe hiyo. Ninaishi Goma, na nitahitaji bato kwenda na kurudi na usiku mbili za hoteli. Ninaomba kujua kama shirika linabeba gharama hizi, na kama ni hivyo, zinalipwa mbele ao zinarudishwa kisha. Kama haziwezekane, ninaweza kufanya mahojiano kwa video ao kwenye ofisi yenu ya Goma? »

Hakuna kudai ndani ya maneno haya, na swali la mwisho linamuachia mwajiri mlango mwingine wa kupitia.

Majibu matatu

Jibu la kwanza: « Tunalipa. » Hapo uliza nani ananunua biye, na kama hoteli wameisha kuichukua wao. Kama wanatuma pesa kwa simu, toa namba iliyoandikishwa kwa jina lako mwenyewe, juu ofisi nyingi za makuta zinakataa kulipa namba ya kaka ao ya jirani.

Jibu la pili: « Tutarudisha. » Hapa ndipo watu wanapoteza. Uliza mambo matatu: wanarudisha mpaka dola ngapi, kwa karatasi gani, na kama wanarudisha hata kwa mtu aliyeanguka mtihani wa kuandika. Swali hilo la mwisho wengi wanalisahau, kisha wanarudi Goma mikono mitupu. Biye ya bato iwe na jina sawa na la kadi ya mpiga kura. Hoteli itoe fakture yenye muhuri na tarehe. Moto haitoe risiti, kwa hiyo uliza mbele kama watakubali karatasi uliyoandika na kutia sahihi mwenyewe. Kisha mahojiano, piga picha karatasi zote mbele ya kuzitoa.

Jibu la tatu: « Hatulipe. » Si lazima iwe dharau. Kampuni ndogo pengine haina pesa hiyo kweli. Omba video kwa mtihani wa kwanza, na kusafiri tu ukibakia kati ya watu wawili ao watatu wa mwisho. Kama wanakataa, uliza wamebakiza watu wangapi kwa nafasi ngapi. Kutoa dola 120 ukiwa mmoja kati ya watatu si sawa na kuzitoa ukiwa mmoja kati ya makumi ine.

Pesa inaenda upande gani?

Kuna jibu la ine, na hilo ni la wezi: « Hoteli tumeisha kuichagua, tuma dola 50 kwa namba hii, utarudishiwa ukifika. » Kulipa bato lako kwenye bandari ni jambo moja. Kutumia pesa mtu anayesema anakuajiri ni jambo lingine kabisa. Umoja wa Mataifa unaandika wazi kwenye matangazo yake ya kazi kwamba hauombe malipo katika hatua yoyote ya kuajiri. Ukiombwa pesa kwa jina la shirika fulani, usipige namba iliyo ndani ya ujumbe. Tafuta namba kwenye ukurasa wa shirika lenyewe, ao enda kwenye ofisi yao ya Goma na mwaliko mkononi.

Na hapo swali la safari linafanya kazi nyingine. Mwajiri wa kweli atajibu ndiyo, hapana, ao « ngoja niulize wakubwa ». Mwizi atakuharakisha: nafasi inaisha leo, tuma sasa hivi. Ukiona haraka ya namna hiyo, weka simu chini na usitume kitu.