Rafu Zimejaa, Lakini Mali ni ya Nani?

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi pale Kihonda, Morogoro. Mwenye duka anataka kulihamisha: mali, rafu, kaunta, mizani, guta la kupelekea mizigo na jina ambalo mafundi wa mtaani wanalijua. Anataka shilingi milioni 85. Ukimuuliza zimetoka wapi, anazitaja haraka haraka: mali ya milioni 60, vifaa vya milioni 10, na kilemba cha milioni 15 kwa ajili ya jina na mahali penyewe. Anaongeza kwamba anauza milioni moja kwa siku, siku 26 za mwezi. Kwa kila shilingi mia ya mauzo hubaki kumi na tano, na gharama za duka hazizidi milioni moja na nusu. Ukipiga hesabu yake, unapata faida ya milioni 2.4 kwa mwezi, na fedha yako imerudi ndani ya miaka mitatu.

Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha wala kutoa. Inayotakiwa kupimwa ni ile milioni moja kwa siku.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuomba daftari la mauzo, nami naona hapo ndipo pabaya pa kuanzia, maana daftari huandikwa na anayeuza. Makini zaidi huomba ripoti za Z, zile zinazotoka kwenye mashine ya EFD kila jioni, pamoja na taarifa za benki na za lipa namba za miezi 12. Ziombwe, lakini jiandae kusikia jibu ambalo kila mfanyabiashara analijua: "Kaka, kwenye mashine naonyesha nusu tu. Ukionyesha yote, TRA watakumaliza."

Jibu hilo lisikilizwe vizuri. Milioni moja kwa siku ni milioni 312 kwa mwaka. Tanzania Bara, biashara yenye mauzo yanayozidi milioni 200 kwa mwaka inatakiwa kusajiliwa VAT. Uliza cheti cha VAT. Kama hakipo, basi moja kati ya mambo mawili ni kweli: ama mauzo hayafiki anapodai, ama yanafika na kuna kodi ambayo haijalipwa kwa muda mrefu. Muuzaji hawezi kudai mauzo makubwa mbele yako na mauzo madogo mbele ya TRA, halafu akataka ulipie yale makubwa. Mauzo yasiyo na ushahidi hayalipiwi, hata kama moyoni unaamini kwamba yapo.

Njia ya kuupata ukweli inapita upande wa manunuzi. Watu huficha walichouza, lakini ni wachache wanaokumbuka kuficha walichonunua. Mfuko wa saruji hauuzwi kabla haujaletwa na lori, na lori huacha hati ya kupokelea mzigo. Kusanya risiti na hati hizo za miezi sita au zaidi, ukichanganya msimu wa ujenzi na msimu wa mvua, kisha uende kwa wauzaji wa jumla wawili watatu, ukiwa na ridhaa ya mwenye duka, ulinganishe na vitabu vyao. Kama duka linauza milioni 26 kwa mwezi na kubakiza kumi na tano katika kila mia, lazima liwe linanunua mzigo wa takriban milioni 22.

Kwa duka letu, risiti zinaonyesha wastani wa milioni 13, na stoo haijapungua wala kuongezeka sana. Mzigo wa milioni 13 kwa faida ileile hutoa mauzo ya milioni 15.3, na katika hayo hubaki milioni 2.3 kabla ya gharama. Ondoa gharama za milioni moja na nusu: imebaki laki nane.

Halafu angalia nyuma ya kaunta. Kijana anayefungua duka alfajiri, anayepakia guta na kukata nondo ni mpwa wa mwenye duka. Anakula na kulala kwa mjomba, hana mshahara, na kwenye orodha ya gharama hayumo. Siku ya makabidhiano ataondoka na mjomba wake, na wewe utaajiri mtu. Ukimlipa laki tatu kwa mwezi, faida imekuwa laki tano, yaani milioni sita kwa mwaka. Hapo hatujagusa pango. Wauzaji wengi wamo kwenye nyumba yao wenyewe, au ya shemeji, na kodi wanayokuandikia ni ya kifamilia.

Baada ya hapo ndipo zije rafu. Kuhesabu mali kufanywe na pande zote mbili, duka likiwa limefungwa, kila kitu kwa bei ya kununulia. Milioni 60 za muuzaji zilikuwa bei za kuuzia. Kwa bei za kununulia ni milioni 51. Kisha ingia ndani ya stoo, usiridhike na safu ya mbele. Bonyeza kona za mifuko ya saruji iliyo chini kabisa ya rundo, kwa sababu saruji iliyokaa miezi mingi ikinyonya unyevu huanza kuganda pembeni, na ukiipasua unakuta mabonge. Soma tarehe kwenye makopo ya rangi, utikise machache. Nyaya za umeme zilizokwisha kukatwa zipimwe kwa mita, zisikadiriwe kwa macho. Vitasa vya mtindo wa zamani, vigae vya kiboksi kimoja kimoja ambavyo haviwezi kutosha hata choo, rangi ya zambarau ambayo mteja aliiagiza akaikimbia: hizo ni mali kwa jina tu. Kwenye duka letu zimefika milioni sita. Imebaki mali ya milioni 45.

Sasa lile swali gumu. Katika hizo milioni 45, ngapi ni zake? Biashara ya mali kauli ipo tangu zamani na bado ndiyo inayojaza maduka mengi: msambazaji anashusha mzigo leo, analipwa ukishauzwa. Mabati yaliyopangwa pale mlangoni, yanayolipendezesha duka, huenda hayajalipiwa hata bati moja. Ukiyanunua na muuzaji akaondoka na fedha, msambazaji atafika na daftari lake, naye hatamtafuta mtu aliyehamia Mbeya wakati mabati anayaona kwako. Mnaweza kubishana kisheria nani anadaiwa, lakini mzigo utakuwa umeshikwa na duka lina kufuli. Dawa yake ni kuwaendea wasambazaji wote wakuu na kupata kwa maandishi, wenye sahihi, salio la kila mmoja. Tuseme yamepatikana madeni ya milioni 12. Mali yake halisi ni milioni 33.

Jambo ambalo wengi hulisahau hapa ni kwamba mali kauli hutolewa kwa mtu, haitolewi kwa duka. Msambazaji alimwamini yule mzee baada ya miaka ya kulipana. Wewe hakujui. Ili rafu zibaki zimejaa kama ulivyozikuta, utahitaji milioni 12 nyingine za mfukoni, na hizo hazikuwamo katika bei yoyote mliyokuwa mkijadili.

Wateja nao wana mtego wa namna hiyohiyo. Omba ukae dukani wiki mbili, siku za kawaida na za mwisho wa mwezi, uangalie nani anakuja na analetwa na nani. Saruji inavuta watu lakini faida yake ni nyembamba. Faida nono imo kwenye bawaba, viungio vya mabomba, misumari na swichi. Utaona pia kwamba mwenye nyumba huja na fundi wake, na fundi ndiye anayesema "tununue hapa". Baadaye fundi hurudi peke yake kuchukua chochote. Hicho chochote hakiandikwi popote, lakini ni gharama, na fundi asiyekipata kwako atampeleka mwenye nyumba duka la pili. Ukikuta pia kwamba theluthi ya mauzo inatoka kwa mkandarasi mmoja aliyesoma na mwenye duka, theluthi hiyo usiitilie maanani katika bei hadi mkandarasi mwenyewe akuambie ataendelea. Daftari la watu wanaodaiwa mwachie muuzaji akadai mwenyewe. Madeni yaliyopita miezi mitatu hayalipiki kirahisi hata na aliyeyakopesha.

Yapo madeni yasiyoonekana dukani kabisa. Kwanza ujue unanunua nini. Kama ni kampuni iliyosajiliwa BRELA na unanunua hisa, unairithi yote: kodi ya nyuma, michango ya NSSF isiyopelekwa, kesi, na mkopo wa benki ulioandikishwa dhidi ya mali zake, ambao utauona ukifanya upekuzi BRELA. Duka la aina hii mara nyingi ni jina la biashara tu. Hapo ni salama zaidi kununua mali na haki zilizoorodheshwa moja moja, ukaanza na TIN yako, leseni yako na EFD yako. Wala usikubali kuendelea "kwa muda" na mashine yake, kwa sababu kila risiti itatoka kwa jina lake. Kenya sheria inabana zaidi: anayehamishiwa biashara anaweza kubebeshwa madeni yake kama hayakutolewa matangazo ya uhamisho yanayotakiwa, kwenye Gazeti la Serikali na magazetini.

Guta nalo, uliza kama halikuwekwa rehani. Mikopo ya kausha damu hupenda vitu vinavyobebeka, na kadi ya chombo ikiwa haipo mkononi mwa mwenyewe, ujue ipo kwa mtu. Kama wapo waajiriwa wa kweli, muuzaji amalizane nao kwa maandishi: likizo zisizolipwa, michango, na kiinua mgongo, ambacho kisheria kwa anayestahili ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka kumi.

Mwenye nyumba aonwe ana kwa ana kabla ya shilingi yoyote kutoka. Kilemba kinachopewa mpangaji anayeondoka hakimfungi mwenye nyumba ambaye hakuulizwa, na wapo waliolipa milioni kadhaa kisha wakapewa notisi mwezi uliofuata. Mkataba mpya wa pango uwe umekwisha kusainiwa kwa jina lako.

Rudi basi kwenye bei. Mali milioni 33. Vifaa, baada ya kulikagua guta, milioni saba. Kwa jina na wateja, faida ya miezi sita, yaani milioni tatu, nami naona huo ni ukarimu. Jumla milioni 43, na zile 12 za kujaza rafu ziwe tayari pembeni. Muuzaji atacheka, au atakasirika. Akikataa kushuka karibu na hapo, fungua duka lako mtaa wa pili.

Akikubali, mkataba uandikwe na wakili, ukitaja kwamba hatafungua duka la aina hiyo Kihonda kwa muda mliopatana. Kwa kawaida Sheria ya Mikataba haipendi mtu azuiwe kufanya biashara, lakini humkubalia mnunuzi wa jina zuizo lenye mipaka ya busara. Fedha zipite benki, na milioni nane zibaki mkononi mwako kwa miezi sita, mkiwa mmeandikiana kwamba deni lolote la nyuma litakalojitokeza litakatwa humo. Muuzaji asiye na cha kuficha hubishania kiasi na muda. Anayekataa kabisa kubakiziwa hata shilingi, rudi tena kwa wasambazaji uulize majina ambayo hakukutajia.