GB Tatu Zinazoisha Jumanne

Malalamiko ya kwamba mtandao unaiba bando yamezagaa kila kijiwe, na mengi yana msingi wake. Lakini ukiufungua ujumbe wa kujiunga ukausoma hadi nukta ya mwisho, mara nyingi utakuta sehemu ya bando unayoidhani imeibwa bado ipo, ila umefungiwa usiitumie kwa saa hiyo au kwa kazi hiyo.

Tuchukue mfano wa kifurushi cha wiki kinachotangazwa kama GB 3. Chini ya tarakimu hiyo kubwa, kwa maandishi madogo, kuna mgawanyo: GB 1 ya muda wote, GB 1 ya usiku na GB 1 ya WhatsApp. Aliyekinunua Jumatatu jioni anakaa kutazama filamu YouTube kwa saa nzima. Video ya ubora wa kawaida, ile inayoandikwa 480p, hula karibu nusu GB kwa saa. Jumanne anarudia saa nyingine moja, na GB ya muda wote imekwisha. Bado ana GB mbili, siku kadhaa mbele yake, na simu isiyofungua ukurasa wowote mchana. Kwa matumizi yake, alichonunua ni kifurushi cha GB 1. Basi ukilinganisha bei za vifurushi, linganisha GB za muda wote kwanza, kisha ndipo uhesabu za usiku na za programu kama nyongeza.

Bando la usiku lina mtego wake wa saa. Mara nyingi huanza saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, lakini ujumbe huandika 00:00 hadi 06:00, na wapo wanaoisoma hiyo 06:00 kuwa saa sita, wakadhani wana asubuhi nzima. Ukianza kupakua filamu saa kumi na moja na nusu alfajiri, sehemu itakayoendelea baada ya saa kumi na mbili inahamia kwenye GB ya muda wote bila simu kukuuliza. Ukitaka bando hili likufae, pakua mapema usiku na mchana utazame bila intaneti.

La WhatsApp nalo linahesabu kinachopita ndani ya WhatsApp tu. Mtu akikutumia kiungo cha YouTube kwenye kundi la familia, ujumbe wenyewe unalipiwa na bando la WhatsApp, lakini ukikibonyeza unatoka nje, na video inakula GB ya muda wote. Simu za sauti na video za WhatsApp, vifurushi vingine huzijumuisha na vingine huzitenga. Hilo husomwa kwenye masharti, halikisiwi. Ukiwasha VPN mambo ni tofauti kabisa: mtandao hauoni tena kama unatumia WhatsApp, kwa hiyo kila kitu kinakatwa kwenye bando la kawaida.

Muda wa kuisha usomwe kwa makini uleule. Kifurushi cha siku kinaweza kuwa cha saa 24 tangu ujiunge, au kikaisha saa sita usiku wa siku hiyohiyo. Cha pili ukikinunua saa mbili usiku, una saa nne tu.

Yapo pia matumizi ambayo mwenye simu hayaoni, na linalonikera zaidi ni la hotspot. Umemrushia mwenzako intaneti ili atume barua pepe moja. Simu yake inaiona hiyo kama Wi-Fi, na Wi-Fi kwake inaweza kuwa ruhusa ya kupakia picha zote Google Photos na kusasisha programu zilizokuwa zikisubiri. Kompyuta ya Windows hufanya hivyohivyo mpaka uwashe `Metered connection` kwenye mipangilio ya mtandao. Kwenye simu yako, fungua `Data usage` uone kila programu imekula kiasi gani. Ikiwa jumla inakaribia kiasi ulichokatwa, mlaji yumo humo.

Ikiwa tofauti ni kubwa, piga picha skrini hiyo pamoja na ujumbe wa kujiunga, kisha udai maelezo huduma kwa wateja. Nchini Tanzania, kanuni ndogo za vifurushi za TCRA zilizoanza kutumika Aprili 2021 zinautaka mtandao ukujulishe unapofikia asilimia 75 ya matumizi na unapomaliza, na usikate salio lako la kawaida baada ya hapo bila ridhaa yako. Pia ukinunua tena kifurushi kilekile kabla hakijaisha muda, salio lililobaki linaendelea kutumika. Mtandao ukikunyima hayo, malalamiko hupelekwa TCRA.