Kisasili, Miviga na Mfarakano: Namna Dini Inavyoundwa katika Ulimwengu wa Kubuni

1. Utangulizi

Mtunzi anayeunda ulimwengu wa kubuni aghalabu huianza dini yake kwa kuorodhesha miungu: mungu wa bahari, mungu wa vita, mungu wa mavuno. Orodha hiyo huweza kujaza kurasa nyingi, lakini haionyeshi mtu wa ulimwengu huo atafanya nini siku anapofiwa, wala kwa nini ndugu wawili waliolelewa katika imani moja waje kuchinjana kwa ajili yake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba dini ya kubuni husimama juu ya fundisho moja gumu kulikubali. Kisasili hulieleza fundisho hilo, miviga hulitenda kwa mwili, na madhehebu pinzani huzaliwa pale watu wanaposhindwa kulibeba.

Mfano utakaochunguzwa ni dini ya kisiwa cha Númenor katika maandishi ya J.R.R. Tolkien (1892–1973), mwanaisimu na profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mfano huu unawafaa wanafunzi wa lugha kwa sababu Tolkien aliunda lugha kwanza, na simulizi zikafuata. Habari nyingi za kisiwa hicho zimo katika The Silmarillion, kitabu kilichotolewa mwaka 1977 baada ya kifo chake, na katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1980.

2. Kisasili na fundisho gumu

Kisasili cha uumbaji chasimulia kwamba Eru, yaani Mmoja, aliwaita roho alizoziumba akazipa wimbo waupambe. Melkor, aliyekuwa na nguvu kuliko wenzake wote, aliingiza sauti yake mwenyewe akauvuruga upatanifu. Hivyo mbegu ya upinzani imo ndani ya kisasili chenyewe tangu mwanzo, na mtunzi hatahitaji baadaye kuleta adui kutoka nje.

Fundisho linalofuata ndilo lenye uzito. Elfu, viumbe wa kale wa ulimwengu huo, hawafi maadamu dunia ipo. Wanadamu hufa, na kifo chao chaelezwa kuwa ni zawadi ya Eru, kwa kuwa huwatoa nje ya mipaka ya dunia. Huko waendako hawakuambiwa. Watu wa Númenor walipewa umri mrefu kuliko wanadamu wengine, pamoja na kisiwa chenye neema, lakini walikatazwa kusafiri kuelekea magharibi kiasi cha kupoteza upeo wa pwani yao, wasije wakatamani nchi ya wasiokufa.

Ugumu wa fundisho hili hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kuzika. Wanaambiwa kuwa kifo ni zawadi, nao wanaoiona zawadi hiyo kila siku ni watu ambao jirani zao hawaipati.

3. Miviga ya mlimani

Katikati ya kisiwa ulisimama mlima Meneltarma, na kileleni palikuwa mahali patakatifu pa Eru. Hapakujengwa hekalu wala madhabahu, wala hapana aliyeruhusiwa kupanda na silaha au chombo cha kazi. Mara tatu kwa mwaka mfalme alipanda, na umati ukamfuata kwa miguu, wamevaa mavazi meupe na mashada ya maua, bila kusema neno. Kileleni mfalme peke yake ndiye aliyenena. Ilisimuliwa kwamba tai watatu walikuwa wakionekana, nao waliitwa Mashahidi wa Manwë, mkuu wa wale watawala wa ulimwengu walio chini ya Eru.

Kila kipengele cha miviga hiyo kinatokana na fundisho. Mahali ni pa wazi kwa sababu Eru hana umbo la kufungiwa ndani ya kuta. Watu hunyamaza kwa sababu hawana jibu la swali la kifo, na dini yao yawafunza kukaa na swali hilo bila kupiga kelele. Hata majira ya sala yamefungamana na maisha ya mkulima: ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa machipuko, ya pili katikati ya kiangazi, ya tatu mwishoni mwa majira ya vuli.

Majina ya sala hizo yameundwa kwa kanuni za sarufi ya Kikwenya, lugha ya Elfu iliyotumiwa kwa mambo rasmi na ya ibada: Erukyermë ni Eru na neno la kuomba, Erulaitalë ni Eru na neno la kusifu, Eruhantalë ni Eru na neno la kushukuru. Katika majina mawili ya mwisho kiambishi -lë hugeuza kitenzi kuwa jina la tendo. Kwa hiyo majina yenyewe yanampa msomaji mpangilio wa mwaka wa muumini: huomba kabla ya kupanda, husifu jua likiwa juu, hushukuru ghala ikijaa.

4. Namna mfarakano unavyokua

Madhehebu pinzani ya Númenor hayakuzuka kwa siku moja. Tar-Atanamir alikuwa mfalme wa kwanza kunung'unika hadharani dhidi ya katazo la kusafiri. Baada yake watu waligawanyika makundi mawili, Watu wa Mfalme na Waaminifu. Watu wa Mfalme walijenga makaburi makubwa na kutafuta ufundi wa kurefusha maisha. Safari za mlimani zikapungua, na malimbuko yakaachwa. Hofu ya kifo ilitangulia. Mungu mpya alikuja baadaye.

Lugha ndiyo iliyouonyesha mgawanyiko huo mapema kuliko itikadi. Mwaka 2899 wa Enzi ya Pili, kwa kalenda ya ulimwengu huo, mfalme alitwaa kiti kwa jina la Kiadunaiki, lugha ya asili ya wananchi, badala ya Kikwenya. Alijiita Ar-Adûnakhôr, yaani Bwana wa Magharibi, sifa ambayo Waaminifu waliiona kuwa haimstahili mwanadamu. Hata hivyo, katika Hati ya Wafalme jina lake liliandikwa pia kwa Kikwenya, kwa kuwa walihofu kuvunja desturi ya kale. Jambo hili dogo lina ukweli mwingi ndani yake: mwasi wa dini aghalabu huendelea kuogopa kile alichokikana. Baadaye Ar-Gimilzôr alizikataza kabisa lugha za Elfu.

Ndipo mwaka 3262 Sauron, mtumishi wa zamani wa Melkor, alipoletwa kisiwani akiwa mateka. Alimfundisha mfalme Ar-Pharazôn kwamba Eru ni uzushi wa watawala wa magharibi, na kwamba bwana wa kweli ni Melkor, mpaji wa uhuru. Fundisho hilo lilipokewa kwa sababu lilijibu swali ambalo mlima ulilinyamazia.

Miviga mipya iliipindua ile ya kale hatua kwa hatua. Katikati ya mji wa Armenelos lilijengwa hekalu la mviringo lenye upana wa futi 500 na kuta za unene wa futi 50 chini, zilizoinuka futi 500 na kufunikwa kuba la fedha. Mahali pa wazi pamefungwa. Moto wa kwanza uliwashwa kwa kuni za mti mweupe Nimloth, alama ya urafiki wa kale na Elfu, na moshi ukatanda juu ya nchi kwa siku saba. Kisha wanadamu wakachinjwa humo ili Melkor awaondolee watu kifo. Wengi wa waliochinjwa walikuwa Waaminifu, lakini mashtaka ya wazi hayakuwa kukataa kumwabudu Melkor. Walishtakiwa kwa kumchukia mfalme na kula njama. Mtunzi anayetaka mateso ya kidini yaaminike na achunguze hapo: mtesaji mara nyingi huyavika makosa ya imani vazi la makosa ya siasa.

Ahadi ya madhehebu hayo yaweza kupimwa, na simulizi inaipima. Kifo hakikuondoka; kilikuja mapema zaidi na kwa sura nyingi, pamoja na maradhi na wazimu. Mwaka 3319 mfalme alivuka bahari kuutwaa umilele kwa nguvu, na kisiwa kikazama.

5. Upungufu wa mfano na somo kwa Kiswahili

Mfano huu una upungufu wake. Habari ya maangamizi imewekwa katika kalamu ya Elendil, kiongozi wa Waaminifu walionusurika, na kwa hiyo msomaji hasikii kamwe sala ya mtu aliyeingia hekaluni kwa uchungu wa kufiwa na mtoto. Majina ya miviga ya mlimani tunayo, ya hekaluni hatunayo. Madhehebu yasiyo na maneno yake yenyewe hubaki kuwa uovu mtupu, na hapo ndipo mtunzi anayefuata nyayo hizi apaswapo kuzidisha.

Kwa anayetunga kwa Kiswahili, tatizo la maneno ni kubwa zaidi. Msamiati wetu wa dini una tabaka zenye historia: sala, ibada, sadaka na kafara zilitoka katika Kiarabu, tambiko na mzimu ni za asili ya Kibantu. Iwapo watu wa mlimani watapewa sala na watu wa hekaluni wapewe tambiko, mtunzi atakuwa amekwisha kuwahukumu wahenga bila ya kukusudia. Akigeuza, atakuwa amewahukumu wengine. Msomaji hatasoma habari za Númenor tena. Atasoma habari za jirani yake.

Njia salama ni ile ya Tolkien, yaani kuunda majina kutokana na vitenzi vya kawaida. Shaaban Robert aliionyesha njia hiyo alipoita nchi yake ya kubuni Kusadikika, kutokana na kitenzi sadiki. Kwa mfano, kutokana na kwea, kwa umbo lile lile linalotoa mchezo kutoka cheza, laweza kupatikana Mkweo: Mkweo wa Kuomba, Mkweo wa Kusifu, Mkweo wa Kushukuru. Kutokana na epuka laweza kupatikana Mwepuko, jina ambalo watu wa hekaluni wangeliita tendo lao la kuua, kwa kuwa walitumaini kukiepuka kifo. Waaminifu wangeliita tendo hilo hilo Uchinjaji. Tendo likishakuwa na majina mawili, na kila jina likiwa na kundi linaloliamini, mfarakano umeingia katika lugha yenyewe, na mtunzi hahitaji kumweleza msomaji kwamba watu hawa hawawezi tena kusali pamoja.